Mwanya wa Mama Umeenda Wapi? Vile Katuni ya Mtu Halisi Inabaki Mtu Mmoja Kwenye Picha Nyingi

Kuna mama anauza samaki huku Dunga, Kisumu. Ngege, mbuta, omena, vyote anavyo. Mwaka jana alitaka katuni yake, na si picha moja tu, alitaka katuni ya kukaa kwenye mabango, stika za WhatsApp na karatasi za kufungia samaki, leo amebeba beseni, kesho amesimama kando ya jiko, Desemba anawatakia wateja Krismasi njema, na kila mtu akiiona aseme huyu si ni yule mama wa Dunga. Nikamtumia sita za kwanza, nilizochoresha akili bandia kwa kuandika maelezo. Akaziangalia moja moja kwa simu, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Nyathina, hawa wanawake sita ni kina nani? Na mwanya wangu umeenda wapi?"

Alikuwa sahihi kabisa. Zote zilikuwa picha safi, rangi nzuri, kilemba kiko, lakini mmoja alikuwa na miaka 25, mwingine pua imechongoka, mwingine mweupe kuliko mama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwanya. Tangu hiyo siku nimefanya hii kazi mara kadhaa na nataka nieleze vile inaenda, juu watu wengi hukwama hapo hapo nilipokwama mimi, wanadhani shida ni kuandika maelezo marefu zaidi na shida haiko huko.

Anza na vile hizi modeli za akili bandia zinachora. Naongea kuhusu Stable Diffusion juu ndiyo natumia, ile ya SDXL iliyotoka Julai 2023, ni ya bure na unaweza kuifunza mwenyewe. Picha haianzi na uso wa mtu, inaanza na chenga, zile chengachenga unaona kwa TV ikikosa stesheni. Modeli inaondoa hizo chenga pole pole, hatua 20 ama 30, na kila hatua inasukumwa na maneno uliyoandika mpaka picha inatokea. Sasa ukiandika mama Mwafrika, mnene kiasi, uso wa mduara, kilemba chekundu, hayo maneno yanatosha wanawake elfu na elfu, na kila ukibonyeza inakuchagulia mmoja wao. Haikumbuki yule wa jana. Hakuna mahali imeandika kwamba mama ni huyu. Maneno yanataja aina ya mtu, mtu mwenyewe hayamtaji.

Hapo ndipo watu huambiana washike sidi, ile namba inayoamua chenga za kuanzia. Sidi moja, maneno yale yale na mipangilio ile ile, unapata picha ile ile, hiyo ni kweli. Lakini badilisha "amesimama" iwe "ameketi" na chenga zile zile zinavutwa njia nyingine, na mtu anabadilika pamoja na kiti. Mara nyingi kinachobaki na sidi ni mpangilio wa picha, wapi kuna giza wapi kuna mwanga, si sura.

Kuna jambo lingine linaloumiza sisi zaidi. Modeli ikikosa uhakika inarudi kwa kile ilichoona mara nyingi ikifunzwa, na mwanya haukuwa mwingi huko, wala makovu madogo, wala uso wa mwanamke wa miaka 50 aliyefanya kazi juani. Kwa hivyo inaziba mwanya, inang'arisha ngozi, inapunguza pua na kurudisha umri nyuma. Ukimwachia mashine yenyewe, vile vitu vinavyomfanya mama awe mama ndivyo vya kwanza kutoka.

Njia za haraka ziko. Kuna IP-Adapter na wenzake, unaipa picha moja ya mtu na inaitumia kama maelezo pamoja na maneno yako, bila kufunza chochote. Kwa picha mbili tatu za haraka ni sawa tu. Lakini hiyo picha inafupishwa kuwa vipande vichache vya habari kabla ya kuingia kwa modeli, na kitu kidogo kama alama nyeusi shavuni kinapotelea hapo kwa kufupishwa. Nilitaka katuni ya kudumu miaka, kwa hivyo nikaenda kwa LoRA.

LoRA ni njia iliyochapishwa 2021 na watafiti wa Microsoft, wakati huo ilikuwa ya modeli za lugha, baadaye watu wakaileta kwa picha. Wazo lake ni kama fundi wa nguo aliyeletewa gauni lililoshonwa tayari. Hafumui gauni lote, anashonea vipande vidogo mahali panapohitajika likukae wewe. Modeli yenyewe ina namba zaidi ya bilioni mbili, hizo huzigusi, unaongeza tu namba chache kando yake na hizo chache ndizo zinafunzwa sura ya mama. Mwisho unapata fayilo ndogo, megabaiti kadhaa za makumi mpaka mia na kitu kulingana na ukubwa uliochagua, unaipakia juu ya modeli na ukiandika jina lake la siri, yaani neno ulilomfunza nalo, mama anatokea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilichukua selfi 31 za mama kutoka kwa simu yake na simu ya binti yake, nikafunza LoRA nazo moja kwa moja, halafu nikaandika jina la siri na neno katuni. Kukatokea mambo matatu, na yote yana sababu.

Moja, LoRA ilikuwa imefunzwa kwa picha za kamera, kwa hivyo pamoja na sura ilikuwa imejifunza ukamera, vinyweleo vya ngozi, mwanga wa dirisha, ukungu wa nyuma. Nikisema katuni, inavutana. Nikipandisha uzito wa LoRA, yaani nguvu yake juu ya modeli, napata mama lakini anakaa picha iliyopakwa filta, nikiushusha napata katuni nzuri ya mtu mwingine. Nilizunguka hapo siku tatu nikitafuta uzito wa katikati, na kusema ukweli kwa zile picha hakukuwa na katikati.

Mbili, pua ilitoka pana kuliko yake. Hii ni hesabu ya kamera tu. Ukishika simu sentimita 30 kutoka kwa uso, pua iko karibu sana na lensi kuliko masikio, kwa hivyo inaonekana kubwa. Kuna utafiti ulichapishwa 2018 ukikadiria kwamba kwa umbali huo pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha ya mita moja na nusu. Nilikuwa nimefunza modeli uso wa selfi, na mteja anayesimama mbele ya meza ya samaki hajawahi kuona huo uso.

Tatu, na hii ilinichukua muda kuelewa, mama alitoka na alama mbili nyeusi, moja kila shavu. Yeye ana moja tu, shavu lake la kushoto. Simu moja ilikuwa inahifadhi selfi zikiwa zimegeuzwa kama kioo na ile nyingine haigeuzi, kwa hivyo kwa nusu ya picha alama iko huku na kwa nusu nyingine iko kule, na modeli ikafanya kile ilichoonyeshwa, ikaweka zote. Sasa kabla ya kitu chochote natafuta maandishi kwa picha, nembo ya tisheti ama kalenda ukutani, nikiona herufi zimegeuka najua hiyo ni ya kioo nairudisha. Na ukikuta chaguo linaloitwa `flip_aug` kwa programu ya kufunza, liache limezimwa. Kazi yake ni kugeuza picha kushoto kulia ili mashine ipate mifano mingi, na kwa uso wa mtu halisi hilo ni kosa, hakuna mtu ambaye pande zake mbili zinafanana.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa karatasi. Na hapa ndipo naona kazi yenyewe iko, hata kama mashine ndiyo inasifiwa. Katuni ni uamuzi: unaamua ni nini unabakisha na ni nini unatupa, na ukiachia mashine uamuzi huo, itauamua tofauti kila picha. Nilienda Dunga asubuhi kabla wateja hawajajaa, nikampiga mama picha nikiwa mita mbili hivi nikitumia zum, nje kivulini ambapo mwanga ni sawa pande zote. Mbele, robo tatu kushoto, robo tatu kulia, ubavu zote mbili, halafu akicheka, akinyamaza, akiita mteja. Nikakaa tu hapo nikimwangalia akifanya kazi, nikiuliza watu wanaomjua, mkifikiria huyu mama mnaona nini kwanza? Karibu wote walisema mwanya na kicheko. Mmoja akasema nyusi, na huyo alinifanya niangalie vizuri. Nyusi zake ni nzito na ya kulia imepanda juu kidogo. Nyusi si kitu kidogo, watafiti wa MIT walionyesha mwaka 2003 kwamba watu walishindwa zaidi kutambua sura za watu maarufu nyusi zikiondolewa kuliko macho yakiondolewa. Lakini kwa katuni nyingi nyusi ni mistari miwili tu ya kufanana, unachora kwa haraka unaendelea.

Kwa hivyo kwa karatasi nikaandika vitu vitano ambavyo havibadiliki: mwanya wa meno ya juu ya mbele, alama shavu la kushoto, nyusi nzito na ya kulia juu kidogo, uso wa mduara ulio mpana zaidi kwa mashavu, na mkunjo mmoja kila upande wa mdomo. Vitano vinatosha. Ukiweka kumi na tano hiyo si katuni tena, ni picha ya kitambulisho. Halafu urefu: mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba hivi, mimi nikampa vichwa vinne ili uso uonekane hata kwa stika ndogo. Na rangi nikaziandika kwa namba, ngozi `#6B4226`, kivuli cha ngozi `#4E2F1B`. Hizo namba usiziweke kwa maelezo ya mashine, haielewi, ni zako wewe za kupimia baadaye.

Nikachora picha nane kwa mkono kwa Krita, ni programu ya bure. Picha nane ni kidogo kufunza vizuri, kwa hivyo nilifunza LoRA dhaifu na hizo nane, nikaitumia kuzalisha picha karibu 200, nikachagua 16 zilizokaribia, na kila moja ya hizo 16 nikaisahihisha kwa mkono kabla ya kuitumia, nikafungua mwanya, nikarudisha alama, nikapaka ngozi rangi yake. Hiyo hatua ya kusahihisha usiiruke hata kama umechoka. Ukifunza mashine na picha ilizotengeneza yenyewe bila kusahihisha ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi, lile kosa dogo la kwanza linakuwa sheria mzunguko wa pili. Nane na 16 zikawa 24, na hizo ndizo nilizofunzia LoRA ya kweli. Ona kwamba hakuna hata picha moja ya kamera ndani. Kamera ilinisaidia mimi kuchora, basi.

Sasa kapsheni, yaani maelezo mafupi unayoandikia kila picha kwenye fayilo yake ya maandishi. Sheria yake inaonekana kinyume mara ya kwanza: unataja vile vitu unavyotaka viweze kubadilika, na unanyamazia vile visivyobadilika. Sababu ni kwamba mashine inajaribu kueleza kila kitu kilicho kwenye picha kwa maneno iliyopewa. Ukiandika aproni nyekundu, ule wekundu unapata mwenyewe, ni neno aproni. Usipotaja mwanya, mwanya hauna neno la kushikilia isipokuwa jina la siri, kwa hivyo unakaa ndani ya jina. Ukiutaja kila mara, unajifunga, siku utakayosahau kuandika mwanya unaweza kuondoka tena. Staili pia sikuitaja, juu nataka huyu mama awe katuni ya hivi siku zote.

Jina la siri liwe kitu ambacho modeli haijawahi kukiona kikiwa na maana. Nilitumia `dngmama`. Folda na kapsheni moja zinakaa hivi:

```
dataset/
  10_dngmama woman/
    01.png
    01.txt

01.txt:
dngmama woman, standing, arms folded, laughing, red apron, yellow headscarf, white background
```

Kilemba nimekitaja juu kuna picha ana kilemba na kuna picha nywele ziko nje zimesukwa. Kama mtu wako havui kofia yake kamwe, hata kulala, basi inyamazie na itakuwa sehemu ya kichwa chake. Na ile 10 mwanzoni mwa jina la folda ni mara ngapi kila picha inarudiwa kwa mzunguko mmoja wa mafunzo.

Nilifunzia kwa kompyuta ya kukodi mtandaoni yenye kadi ya picha ya T4, laptopu yangu haiwezi. Programu ni zile skripti za kohya, na ukiacha njia za modeli na folda zako, mipangilio muhimu ni hii tu:

```
sdxl_train_network.py
--resolution=1024,1024 --caption_extension=.txt
--network_module=networks.lora
--network_dim=16 --network_alpha=8
--learning_rate=1e-4 --train_batch_size=2
--mixed_precision=fp16 --no_half_vae
--gradient_checkpointing --sdpa
--max_train_epochs=12 --save_every_n_epochs=1
```

Hesabu yake ni rahisi. Picha 24 mara 10 ni 240, zinaingia mbili mbili kwa hivyo ni hatua 120 kwa mzunguko, mizunguko 12 ni hatua 1,440. Usisahau `--no_half_vae`, kile kipande cha SDXL kinachogeuza picha kuwa hesabu na hesabu kuwa picha huharibika kikifanya kazi kwa usahihi mdogo wa `fp16`, na unaweza kujikuta na picha nyeusi tupu ukidhani data yako ndiyo mbaya. Na hakikisha inahifadhi fayilo kila mzunguko kwenye hifadhi yako mwenyewe. Stima ilipotea huku kwetu Nyalenda nikiwa mzunguko wa tisa, muunganisho ukakatika na ile kompyuta ya kukodi ikajifunga, lakini mizunguko minane ilikuwa tayari imehifadhiwa.

Na hata nilipomalizia baadaye mpaka 12, uliokuwa bora ulikuwa wa nane, na hii ndiyo sababu nyingine ya kuhifadhi kila mmoja. Mzunguko wa mwisho mara nyingi si ule mzuri. Unajuaje? Unachukua maelezo manne ambayo hayako kabisa kwenye picha za kufunzia, mimi nilitumia mama akiendesha boda, mama mvuani na mwavuli, mama ameketi akisoma gazeti, mama ameinama akipanga samaki, unazalisha yote manne kwa kila fayilo na sidi ile ile halafu unaziweka kwa jedwali moja unaangalia kwa macho. Mzunguko wa tatu alikuwa mwanamke yeyote tu. Wa tano, nyusi zimekuja, mwanya unakuja na kwenda. Wa nane vitano vyote viko na boda iko. Wa kumi na moja uso ni sawa kabisa lakini ukimwambia aendeshe boda amesimama mikono imekunjwa mbele ya ukuta mweupe, aproni nyekundu, boda imesukumwa kando kama pambo. Hapo amekariri, hajajifunza tena. Ukiona nguo ama mandhari ya picha za kufunzia zinarudi bila kuitwa, ama rangi zimeiva kupita kiasi kama nyanya iliyoungua, rudi nyuma mizunguko miwili mitatu.

Sasa kuitumia. Uzito wa LoRA nauweka 0.8 hivi kwa picha nyingi. Picha za karibu hutoka vizuri bila shida. Shida ni picha za mbali, na kila mtu huipata na kudhani LoRA yake imeharibika. Nilitaka bango la mama akiwa ufuoni, mashua nyuma, ziwa lote linaonekana, na uso ukatoka umepondeka, mwanya hakuna. Sababu ni kwamba SDXL haichori kwenye picha yenyewe, inachora kwenye toleo lililopunguzwa mara nane kila upande. Picha ya 1024 ndani yake ni vyumba 128 kwa 128. Kama uso wa mama kwenye bango una pikseli 64 tu, huo ni vyumba nane kwa nane, na mwanya, ambao ni sehemu ndogo sana ya uso, hauna hata chumba kimoja chake. Hakuna mafunzo yataweka mwanya mahali hapo. Dawa ni kukata sehemu ya uso peke yake, kuikuza mpaka 1024, kuichora upya na LoRA ile ile huku ukiiruhusu ibadilike kiasi, mimi huweka 0.4, halafu kuirudisha ndogo mahali pake. Kuna kiongezi kinaitwa ADetailer kinafanya hivyo chenyewe, kinatafuta uso, kinakuza, kinachora, kinarudisha.

Mkao pia una mtego wake. Kumfanya abebe beseni kichwani nilitumia ControlNet, unampa picha ya mtu aliyebeba beseni, inatoa mifupa ya vijiti na katuni inafuata huo mkao. Ilifuata mkao vizuri, ikafuata na urefu. Mifupa ilitoka kwa mtu wa kweli mwenye vichwa saba, kwa hivyo mama wangu wa vichwa vinne akarefuka ghafla, miguu mirefu, kichwa kidogo, na ukimweka kando ya stika zake za kwanza ni kama dada yake mdogo. Ilibidi nifupishe vijiti vya miguu na mikono kwa mkono kabla ya kuvitumia, na niambie ControlNet iache kuongoza baada ya asilimia 40 ya hatua, ili mkao ushike mapema halafu LoRA imalizie umbo lenyewe.

Watu wawili kwenye picha moja, mama na binti yake kila mmoja na LoRA yake, hapo bado ni vita. Sura zinachanganyika, binti anapata alama ya mama shavuni. Mimi huzalisha kila mmoja peke yake na kuwaunganisha kwa Krita, ni haraka kuliko kupigana. Maneno ya bango pia naandika mwenyewe baadaye, kamwe simwachii SDXL kuandika bei ya ngege.

Kabla picha kutoka kwangu, naiweka kando ya ile karatasi ya kwanza na kupitia vile vitano kwa mpangilio, kila mara, hata kama ni ya thelathini. Halafu nachukua kile kidude cha kunyonya rangi nagusa shavu lililo kwenye mwanga. Kama picha ni ya jioni ngozi kubadilika kidogo ni sawa, lakini kama ni mchana wa kawaida na namba imekuwa nyeupe kuliko `#6B4226` kwa wazi, nairudisha. Hii ni muhimu juu huwezi kuiona picha kwa picha. Kila moja inang'aa kidogo tu kuliko ya jana, jicho linazoea, na baada ya miezi mitatu una mama mweupe na hujui lini alibadilika. Linganisha na karatasi ya kwanza, si na picha ya mwisho uliyotoa.

Kitu kimoja niliongea na mama kabla hata ya kuchora, na ningependa kila anayefanya hii kazi aongee. Ile fayilo ya LoRA ni uso wake. Yeyote akiipata anaweza kumweka mama mahali popote, kwenye tangazo la mikopo, kwenye bango la mwanasiasa, akifanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara, na uso unaotambulika ni taarifa zake hata ukiwa wa katuni, hivyo ndivyo naelewa. Tukaandikiana kwa karatasi, binti yake akiwa shahidi: selfi nazifuta kazi ikiisha, fayilo inakaa kwa flashi mbili, moja yake moja yangu, haipandishwi mtandaoni, na akisema basi, nafuta ya kwangu.

Awamu ya pili nilimpelekea picha sita tena, mwenyewe, kwa laptopu. Akaziangalia kimya, halafu akamwita mwanamke wa meza ya pili, yule wa omena, akamgeuzia skrini bila kumwambia kitu. Yule mwanamke akaanza kucheka kabla hajasoma hata jina la biashara, akaweka kidole kwenye meno ya katuni, halafu akageuka kuniuliza kama naweza kumchora na yeye, lakini yeye hana mwanya, yeye watu wanamjulia sauti. Hiyo nimekaa nayo wiki mbili sasa. Nimemwangalia akiita wateja, na akiita anafunga jicho moja na kuinua kidevu, kila mara, kwa hivyo karatasi yake imeanza na hivyo viwili.